Sekta na Mwinamo wa Antena: Namna Mnara wa Simu Unavyohudumia Ufuko Wake bila Kuvuruga wa Jirani

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi mgawanyo wa sekta na mwinamo wa antena unavyoamua eneo linalohudumiwa na mnara wa simu, pamoja na kiasi cha mawimbi kinachovuka na kuvuruga seli za jirani. Mfano unaochambuliwa ni wa mnara uliosimama kilimani kando ya ziwa linalogawanywa na mpaka wa nchi mbili. Hoja inayojengwa ni kwamba, katika mandhari ya namna hiyo, kuinamisha mwale kwa nyuzi chache hupunguza usumbufu ng'ambo na wakati huohuo huimarisha huduma kwa wakazi wa chini ya kilima. Kupunguza nguvu ya kisambazaji hakuwezi kuleta matokeo hayo mawili kwa pamoja.

Utangulizi

Ziwa Kivu limelala kati ya milima, na mpaka wa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita ndani ya maji yake. Upande wa kaskazini miji ya Gisenyi na Goma imegusana, na upande wa kusini Bukavu na Rusizi zinatazamana kwa umbali mfupi. Katika mandhari kama haya minara ya simu hujengwa juu ya vilima, kwa sababu kilima humpa mhandisi urefu ambao hakuulipia. Hata hivyo, urefu huohuo una gharama yake. Maji hayana mti wala jengo la kudhoofisha mawimbi, hivyo mwale unaotoka kilimani huvuka ziwa karibu kana kwamba unasafiri katika anga tupu, kisha hutua kwenye ufuko wa nchi nyingine ungali na nguvu nyingi.

Kuvuka huko huzaa matatizo mawili ambayo katika mijadala ya sera huchanganywa mara nyingi. La kwanza ni simu kushika mtandao wa kigeni. Kwa kawaida simu hubaki katika mtandao wa nyumbani maadamu inaupata, na hutafuta mwingine pale tu inapoukosa. Kwa hiyo tatizo hili huonekana zaidi mahali ambapo mtandao wa nyumbani ni hafifu. La pili ni mwingiliano, yaani mawimbi ya seli mbili zinazotumia masafa yaleyale kukutana katika simu moja, ya kigeni yakifunika ya nyumbani. Mpango wa Eneo Moja la Mtandao, ulioanza kutekelezwa mwaka 2014 baina ya Kenya, Rwanda na Uganda, ulishughulikia gharama anazotozwa mtu anapotumia mtandao wa nchi jirani. Hiyo ni tiba ya tatizo la kwanza pekee. Mwingiliano hauna habari na bei, na tiba yake hupatikana juu ya mnara.

Sekta tatu na sababu ya umbo lake

Mnara wa kawaida hautoi mawimbi sawasawa pande zote kama taa ya kandili. Hubeba antena bapa tatu, kila moja ikitazama uelekeo wake, na kati ya uelekeo mmoja na mwingine kuna nyuzi 120. Kila antena huhudumia sekta moja, na kila sekta ni seli inayojitegemea, yenye kisambazaji chake na namba yake ya utambulisho.

Mtu angetarajia kwamba antena ya sekta yenye nyuzi 120 iwe na mwale wenye upana wa nyuzi 120. Sivyo ilivyo. Antena inayotumika sana ina mwale wa nyuzi 65, upana unaopimwa kati ya pointi mbili ambapo nguvu imeshuka hadi nusu, yaani desibeli 3 chini ya kilele. Kwenye ukingo wa sekta, nyuzi 60 kutoka katikati, nguvu huwa imeshuka kwa takriban desibeli 10, ambayo ni sehemu moja ya kumi. Kupungua huko kumekusudiwa. Minara ikipangwa katika umbo la masega ya nyuki, mpaka wa seli ulio mbele moja kwa moja huwa mbali mara mbili kuliko mpaka ulio nyuzi 60 kando. Mjini mawimbi hudhoofika kwa takriban desibeli 35 kila umbali unapozidishwa mara kumi, kwa hiyo nusu ya umbali hugharimu desibeli 10 na nusu pungufu. Antena inapotoa desibeli 10 pungufu kando, simu iliyo kwenye mpaka wa mbele na ile iliyo kwenye mpaka wa kando hupata nguvu karibu sawa. Mwale mpana zaidi ungeingia ndani ya sekta jirani bila kumnufaisha yeyote.

Hilo ndilo umbo la seli likitazamwa kutoka juu. Ufuko wa ng'ambo, hata hivyo, huamuliwa zaidi na umbo la mwale likitazamwa kutoka ubavuni, na hapo ndipo mwinamo unapoingia.

Mwinamo kwenye ardhi tambarare

Ukitazamwa ubavuni, mwale wa antena ya sekta ni mwembamba. Antena yenye urefu wa zaidi kidogo ya mita moja, katika bendi ya megahezi 1800, hutoa mwale wenye kimo cha takriban nyuzi 7. Antena ikisimama wima kabisa, kilele cha mwale huelekea upeo wa macho na hakigusi ardhi. Ikiinamishwa, kilele hutua kwenye umbali unaopatikana kwa hesabu nyepesi:

```
d = h / tan(θ)
```

Hapa h ni urefu wa antena juu ya ardhi na θ ni mwinamo. Kwa antena ya mita 30 na mwinamo wa nyuzi 4, kilele hutua mita 430 kutoka mnarani. Mtu akiishia hapo atadhani kwamba seli ni ndogo mno, lakini kinachoamua ukubwa wa seli ni ukingo wa juu wa mwale. Ukingo huo uko nyuzi 3 na nusu juu ya kilele, yaani nusu nyuzi tu chini ya upeo wa macho, nao hutua takriban kilomita 3.4 mbali. Mwinamo ukiongezwa hadi nyuzi 6, ukingo huohuo hurudi hadi takriban mita 690. Nyuzi mbili zimekata umbali kwa mara tano. Ukipunguzwa hadi nyuzi 2, ukingo huinuka juu ya upeo wa macho na hautui kamwe.

Hesabu hii inaonyesha kwa nini nyuzi moja si jambo dogo. Pia inaonyesha kwa nini thamani moja ya mwinamo haiwezi kuandikwa katika mwongozo ikatumika kila mahali, kwa kuwa h hupimwa kutoka ardhi anakoishi mtumiaji, na ardhi hiyo haiko lazima sawa na msingi wa mnara.

Mnara wa kilimani

Mfano ufuatao ni wa kihesabu, umejengwa kwa vipimo vinavyolingana na mandhari ya ghuba za kusini mwa Ziwa Kivu. Mnara wa mita 30 umesimama kwenye kilima kilichoinuka mita 90 juu ya maji, hivyo antena iko mita 120 juu ya ziwa. Kijiji chake kiko ufukweni, mita 800 kutoka mnarani. Ng'ambo, kilomita 6 mbele moja kwa moja, upo ufuko wa nchi jirani wenye soko. Antena imeinamishwa nyuzi 4, thamani ambayo mhandisi aliyezoea tambarare angeiona kuwa ya busara.

Kutoka kwenye antena, kijiji kiko nyuzi 8 na nusu chini ya upeo wa macho, ilhali soko la ng'ambo liko nyuzi 1.1 tu. Upungufu wa nguvu nje ya kilele unaweza kukadiriwa kwa kanuni inayotumiwa katika vielelezo vya 3GPP:

```
A = 12 (δ / 7)²
```

Alama δ ni nyuzi kutoka kilele, na A ni desibeli zinazopotea. Kwa mwinamo wa nyuzi 4, soko la ng'ambo liko nyuzi 2.9 kutoka kilele na hupoteza desibeli 2 tu, ilhali kijiji kilichojengewa mnara kiko nyuzi 4 na nusu kutoka kilele na hupoteza desibeli 5. Kwa maneno mengine, antena inamwelekea jirani zaidi kuliko mwenyeji.

Mwinamo ukiongezwa hadi nyuzi 8, hali hugeuka. Kijiji sasa kiko karibu kabisa na kilele, na nguvu inayokifikia huongezeka kwa desibeli 5, sawa na mara tatu. Soko la ng'ambo linakuwa nyuzi 6.9 kutoka kilele na hupoteza desibeli 11 na nusu, yaani desibeli 9 na nusu zaidi ya awali, ambayo ni kama sehemu moja ya tisa ya nguvu iliyokuwa ikifika. Hakuna wati hata moja iliyoondolewa wala kuongezwa.

Maana ya desibeli hizo kwa mtu aliye sokoni inahitaji hatua moja zaidi. Kisambazaji cha wati 40 katika upana wa megahezi 10, kikiwa na antena yenye ongezo la desibeli 17, hufikisha ng'ambo ya kilomita 6 za maji ishara rejea ya takriban -80 dBm, kwa kipimo kilekile kinachosomeka kwenye skrini ya simu. Ichukuliwe kwamba mnara wa nyumbani wa soko hilo, ukizuiwa na majengo, unafikisha -85 dBm pale, na kwamba mitandao yote miwili inatumia masafa yaleyale ya kizazi cha 4. Usumbufu unaizidi ishara kwa desibeli 5, hivyo mazungumzo hukatika na data hukwama ingawa skrini inaonyesha mawimbi ya kutosha. Baada ya mwinamo wa nyuzi 8, wimbi la kigeni hushuka hadi karibu -89 dBm, na ishara ya nyumbani inakuwa juu kwa zaidi ya desibeli 4. Kikomo cha kinadharia cha data katika hali ya pili ni karibu mara tano ya kile cha kwanza, seli ya kigeni ikiwa imejaa watumiaji katika hali zote mbili.

Ieleweke kwamba wimbi la -89 dBm bado linatosha kabisa kwa mawasiliano. Mwinamo haukuliondoa ng'ambo. Umebadilisha uwiano wake na wimbi la nyumbani. Kanuni ya udhibiti inayodai kwamba simu ya ng'ambo isione kabisa mtandao wa kigeni haitekelezeki katika ziwa la kilomita 6, na kuidai ni kuwapotezea muda wahandisi wa pande zote mbili.

Huduma kwa wavuvi wa sambaza, ambao hufanya kazi usiku katikati ya ziwa kwa taa, ni hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya mwinamo mkubwa. Ni hoja ya haki na inastahili hesabu. Mashua iliyo kilomita 3 kutoka mnarani hupoteza takriban desibeli 7 mwinamo unapotoka nyuzi 4 hadi 8. Hata hivyo, kwa kuwa maji hayadhoofishi mawimbi kama mji, wimbi linaloifikia bado ni la takriban -80 dBm, na mvuvi anaendelea kupiga simu bila shida.

Sasa ilinganishwe amri ambayo mamlaka za udhibiti huwa wepesi kuitoa, ya kupunguza nguvu ya kisambazaji. Ili kupata nafuu ileile ya desibeli 9 na nusu sokoni, kijiji nacho kingepoteza desibeli 9 na nusu badala ya kupata 5. Tofauti kati ya maamuzi haya mawili kwa mkazi wa kijijini ni desibeli 14 na nusu, na aghalabu hiyo ndiyo tofauti kati ya simu inayofanya kazi ndani ya nyumba na ile inayohitaji mtu atoke uani. Zaidi ya hayo, kupunguza nguvu hakuigusi njia ya kupanda, yaani mawimbi yatokayo kwenye simu kwenda mnarani. Antena iliyoinamishwa husikia simu za ng'ambo kwa uhafifu uleule inaozitangazia, kwa hiyo mnara wenyewe nao hupata utulivu.

Kimitambo au kiumeme

Mwinamo hupatikana kwa njia mbili, na tofauti yake mpakani ni kubwa. Mwinamo wa kimitambo ni ule wa kuilaza antena nzima mbele kwa kulegeza vishikio vyake. Mwinamo wa kiumeme huiacha antena ikiwa wima. Ndani yake kuna safu ya vipande vidogo vinavyorusha mawimbi, kimoja juu ya kingine, na vile vya chini hucheleweshwa kidogo ili mwale uelekee chini. Mota ndogo hurekebisha ucheleweshaji huo kutoka ofisini, bila fundi kupanda.

Bapa linapolazwa mbele, uso wake huinama mbele tu. Nyuzi 60 kando, mwinamo hubaki nusu. Nyuzi 90 kando haupo. Na upande wa nyuma mwale huinuka. Kwa mnara wa mfano, iwapo soko la ng'ambo lingekuwa nyuzi 60 kutoka uelekeo wa sekta, nyuzi 8 za kimitambo zingelifikia kama nyuzi 4 tu, yaani hali ileile ya kabla ya marekebisho. Mwale hupungua mbele na kubaki mrefu kando, ukawa na umbo la njugu iliyobanwa kiunoni. Mwinamo wa kiumeme huinama sawa pande zote, na seli hupungua bila kubadili umbo lake. Pale ambapo jirani yuko ubavuni mwa sekta, mwinamo wa kiumeme ndio unaofaa, na ripoti isemayo "mwinamo nyuzi 8" bila kutaja aina yake haimwambii msomaji lolote la kutegemewa.

Pale mwinamo unapozidi

Mafanikio ya nyuzi 8 yanaweza kumshawishi mtu ajaribu nyuzi 12. Hilo ni kosa linalotokea kwa urahisi. Kanuni ya makadirio iliyotumiwa hapo juu ni sahihi karibu na kilele pekee. Mwale halisi wa nyuzi 7 hufikia pengo, mahali pasipo na nguvu karibu kabisa, takriban nyuzi 8 kutoka kilele, kisha huinuka tena na kuwa mwale mdogo wa pembeni wenye kilele chake takriban nyuzi 11 kutoka ule mkuu. Kwa mwinamo wa nyuzi 8 soko la ng'ambo liko jirani na pengo, na kupungua halisi kunaweza kuzidi makadirio. Kwa nyuzi 12 soko huangukia kwenye mwale mdogo wa juu. Antena nzuri hukandamiza mwale huo hadi zaidi ya desibeli 15 chini ya kilele; antena duni haifanyi hivyo. Kwa vyovyote vile, nyuzi 4 za ziada zimeleta faida ndogo au hasara ng'ambo, huku kilele kikishuka mita 560 kutoka mnarani na kukipita kijiji kwa chini.

Dalili zinazoonekana

Seli inayovuka eneo lake hujitambulisha katika kumbukumbu za mtandao wenyewe. Kila simu huelekezwa kutangulia kidogo katika kutuma ili mawimbi yake yafike mnarani kwa wakati, na kiasi cha kutangulia hulingana na umbali. Katika kizazi cha 2 hatua moja ya muda huo ni takriban mita 550, na katika kizazi cha 4 ni takriban mita 78. Mchoro wa hatua hizo kwa mnara wa mfano, kabla ya kurekebishwa, ungekuwa na vilima viwili. Cha kwanza kingekuwa kwenye hatua 1 au 2 za kizazi cha 2, ambacho ni kijiji. Cha pili kingekuwa kwenye hatua ya 11, na kati yao kungekuwa na bonde ambalo ni maji. Kilima cha pili ni simu zilizo ng'ambo. Mamlaka inayoomba mchoro huo hupata ushahidi ambao gari la vipimo lingeuchukua siku kadhaa kuukusanya, na kwa kuwa hewa juu ya maji hubadilika kati ya alfajiri na alasiri, kipimo kimoja cha gari ufukweni hakitoshi kuamulia mgogoro.

Kumbukumbu za ofisini nazo zina mahali zisipofika. Mfumo wa kurekebisha kwa mbali hujua nyuzi za kiumeme pekee. Vishikio vilivyolegea baada ya dhoruba, au fundi aliyeilaza antena nyuzi mbili kisha asiandike, havionekani kwenye skrini. Ndiyo maana mwinamo wa kimitambo hupimwa kwa kipima mwinamo kikiwekwa juu ya antena yenyewe, na matokeo yake hujumlishwa na yale ya kiumeme. Fomu ya usajili wa kituo cha mpakani inayouliza nguvu, urefu wa mnara na uelekeo wa sekta imeacha nje kitu kilichoamua mfano mzima uliotangulia. Ingepaswa kuuliza pia urefu wa msingi wa mnara juu ya ardhi au maji yanayotazamwa na kila sekta, nyuzi za kimitambo na za kiumeme kila moja peke yake, na tarehe ambayo mtu alipanda akazipima.